Jedwali la saizi za kanzu: maswali ya wauzaji wa Lamu wanaotuma mizigo mbali

Maswali haya yametoka kwa wauzaji wa kanzu na abaya, wengi wao wa Langoni na wachache wa Malindi, wanaopiga picha nguo, kuziweka kwenye simu na kuzituma kwa wateja wasioonana nao. Majibu mengi yanahusu kanzu, kwa kuwa ndiyo inayorudishwa sana. Abaya na kofia zimepewa nafasi yao huko chini.

Kwa nini kanzu irudi, na kikoi hakirudi?

Kikoi hakina saizi. Anayekinunua ataangalia rangi na uzito wa kitambaa, basi. Shati nalo likizidi inchi moja hakuna atakayejua, litachomekwa ndani ya suruali na mambo yakaisha. Kanzu haina pa kujificha. Ikipungua inchi mbili, kila mtu msikitini ataona imepanda. Ikizidi inchi mbili, itaburura na kuzoa vumbi. Halafu ni nguo inayonunuliwa kwa siku maalumu. Mteja anaitaka kwa Idi au kwa nikaha, na ikifika haimkai, hana subira ya kuipeleka kwa fundi.

Kwetu sisi wa kisiwani hasara ni kubwa zaidi. Kifurushi kinapanda boti hadi Mokowe, kinapakiwa basi, kinapita Garsen na Malindi mpaka Mombasa, na kama mteja yuko Nairobi kinaanza safari nyingine. Tuseme faida yako kwa kanzu moja ni shilingi 600 na usafiri ni 350 kwa kila upande. Kanzu ikienda, ikarudi, na nyingine ikaenda badala yake, usafiri pekee ni 1,050. Faida imekwisha na umeingia mfukoni kwa 450, ikiwa ni wewe uliyebeba gharama. Na ile iliyorudi imeshakunjuka, pengine inanukia udi wa nyumba ya watu. Ikirudi baada ya Idi ya Mfungo Mosi, huenda ikakaa kabatini hadi Maulidi ya Mfungo Sita ndipo ipate mtu.

Namba 54, 56, 58 na 60 maana yake ni nini hasa?

Ni urefu wa kanzu kwa inchi, kutoka begani hadi pindoni. Abaya pia huhesabiwa hivyo. Wewe unalijua hilo tangu utotoni, lakini mteja wako halijui. Kuna anayedhani 56 ni kifua. Mwingine amezoea saizi za koti za Ulaya, ambako 56 ni ya mtu mpana, akaona hiyo ndiyo yake hata kama ni mfupi. Wengine huandika 146 kwa sababu wamesoma upande wa sentimita wa tepu, nayo ni inchi 57 na nusu.

Kwa hiyo usiandike kamwe "saizi 56 ipo" ukanyamaza. Andika: "Saizi 56, yaani urefu wa kanzu ni inchi 56 (sentimita 142) kutoka mzizi wa shingo hadi pindo." Sentensi hiyo moja inazuia makosa mengi kuliko jedwali zima lisiloeleza namba zake.

Huo urefu nipime kuanzia wapi? Mbona kila fundi ana pake?

Hapa ndipo penye mgogoro, na ndipo ninapoomba msome kwa utulivu.

Kuna njia tatu zinazotumika. Wa kwanza huanzia mzizi wa shingo, pale mshono wa bega unapokutana na kola, akashuka kwa mbele hadi chini. Wa pili huanzia ncha ya bega, pale mkono unapoungana na badani. Wa tatu huanzia katikati ya kola kwa nyuma. Kwenye kanzu ya mkato wa zamani, ambayo bega lake limenyooka, njia ya kwanza na ya pili hazitofautiani sana nguo ikilazwa. Lakini kanzu nyingi za siku hizi zina bega lililoteremka kufuata mwili, na hapo ncha ya bega iko chini ya mzizi wa shingo kwa karibu inchi moja na nusu, wakati mwingine mbili. Saizi moja na nyingine zinapishana inchi mbili. Ina maana ukibadilisha mahali pa kuanzia tu, umebadilisha karibu saizi nzima bila kukata uzi.

Chukua kisa hiki cha muuzaji mmoja. Mteja wake wa Nairobi alimwandikia: "Shekhe, nina kanzu ya 56 na inanikaa vizuri, nitumie nyingine 56." Hakuna ombi lililo wazi kuliko hilo. Muuzaji akatuma 56 ya pamba. Ikarudi, mteja analalamika ni fupi. Muuzaji akaipima, akapata 56 kamili, akaona anaonewa. Ndipo akamwomba mteja alaze ile kanzu yake ya zamani mkekani, aipime kutoka mzizi wa shingo. Ikatoka 57 na nusu. Fundi aliyeshona ile ya zamani alikuwa anaanzia ncha ya bega. Wote wawili walikuwa wakweli, lebo ndizo zilizosema lugha mbili.

Ushauri wangu ni kutumia mzizi wa shingo kwa nguo zote, na kulisema hilo kwenye tangazo. Sababu ni kwamba mahali pale panaonekana hata na asiyejua ushonaji: ni pale kola inapoanzia. Ncha ya bega inahama kutegemea mkato, na ukiwa na kanzu pana inaangukia kwenye mkono wa mtu.

Nikishapata mahali pa kuanzia, nipimeje ili nisikosee mwenyewe?

Laza kanzu juu ya meza ndefu au sakafuni, usiitundike. Ikitundikwa, uzito wa kitambaa unaivuta na utapata namba isiyo ya kweli. Ipige pasi kwanza, kisha ilainishe kwa kiganja bila kuivuta. Tepu ishuke wima, sambamba na mstari wa katikati, isifuate mshono wa taharizi unaokwenda upande.

Angalia na tepu yenyewe. Tepu za plastiki laini zikizeeka hunyumbuka, basi ilinganishe na futi ya chuma ya seremala mara moja moja. Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: tepu ya kawaida ya fundi inaishia inchi 60. Kanzu ya 62 inaipita. Unapoweka kidole pale ilipoishia na kuanza upya, ni rahisi kupoteza nusu inchi. Weka pini badala ya kidole.

Pima kanzu tatu za kila saizi, si moja. Zikipishana zaidi ya nusu inchi, hilo ni la kuzungumza na fundi wako kabla ya kuandika jedwali lolote. Zikipishana kwa nusu inchi au pungufu, ni kawaida ya kazi ya mkono, na uiseme: "Kipimo kinaweza kupishana nusu inchi."

Kifua niandike nusu au kizima?

Kanzu ikiwa imelazwa unapima kutoka chini ya kwapa hadi kwapa la pili, unapata, tuseme, inchi 24. Hiyo ni nusu. Kuzunguka ni 48. Ukiandika "kifua 24", mwenye kifua cha 42 atashangaa kama hii ni ya mtoto. Ukiandika "kifua 48", mwenye mwili wa 48 atadhani ni yake, na ikifika itambana mpaka kikwapa kitatuke.

Andika kizima, na uongeze neno linaloeleza ni kifua cha nguo na si cha mtu. Halafu mwambie mteja wako nafasi inayotakiwa kuwepo kati ya hivyo viwili. Kanzu isiyobana wala kupwaya huzidi kifua cha mwili kwa inchi 6 hadi 8. Chini ya inchi 4, mtu akirukuu mgongo unavuta. Kwa hiyo kanzu ya kifua 48 inamfaa mwenye kifua cha mwili cha 40 hadi 42. Mteja asipewe kazi ya kufanya hesabu hiyo, ifanye wewe uandike jibu.

Kanzu zangu ni za pamba. Niandike urefu wa kabla ya kufuliwa au wa baada?

Vyote viwili, kwa sababu tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Pamba isiyofuliwa kabla ya kukatwa inaweza kunywea asilimia 3 hadi 5 ikiingia maji mara ya kwanza. Kwa kanzu ya inchi 58, asilimia 3 ni inchi 1 na robo tatu. Hiyo ni karibu saizi nzima tena. Poliesta haina tabia hiyo, haipungui kwa kiasi cha kuhesabika kwa maji ya kawaida.

Turudi kwa yule mteja wa Nairobi. Kanzu yake ya zamani ilikuwa ya poliesta, urefu wake wa kweli 57 na nusu. Muuzaji akambadilishia, akamtumia 58 ya pamba. Siku ya kwanza ilimkaa vizuri, mteja akashukuru. Baada ya kufuliwa ikashuka hadi inchi 56 na robo, na meseji ikaja tena: imepanda. Hapo muuzaji angemshauri nini tangu mwanzo? Ukichukua 60 na kuipunguza asilimia 3, inabaki 58 na robo, ndefu kidogo kwake. Ya 59 ingebaki 57 na robo, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na ile anayoipenda. Kwa hiyo jibu sahihi lilikuwa kumshonea 59, au kufua kitambaa kabla ya kukikata na kumpa 58 isiyopungua tena. Hakuna jedwali lenye safu moja ya urefu ambalo lingemwonyesha hayo.

Kujua kitambaa chako kinanywea kiasi gani hakuhitaji mtaalamu. Kata kipande cha inchi 20 kwa 20 kutoka kwenye jora, weka alama upande unaokwenda na urefu wa jora, kifue kama mteja atakavyofua nyumbani, kianike, kipige pasi, kisha upime tena. Kikipungua nusu inchi upande wa urefu, hiyo ni asilimia 2 na nusu. Upande wa urefu wa jora kwa kawaida ndio unaonywea zaidi, na ndio huo unaokuwa urefu wa kanzu. Rudia kila ukinunua jora jipya, hata kama muuzaji wa kitambaa anaapa ni kile kile.

Basi tangazo lenyewe liandikweje?

Huu hapa mfano wa kanzu ya pamba ambayo kitambaa chake hakikufuliwa kabla. Namba ni za mfano. Zako zitoke kwenye nguo zako.

"Kanzu nyeupe ya pamba, darizi ya mkono shingoni. Vipimo vyote ni inchi, ni vya NGUO iliyolazwa, si vya mwili.
Saizi 54: urefu 54, kifua kuzunguka 44, bega 17½, mkono 23. Inamfaa mwenye kifua cha mwili hadi 38.
Saizi 56: urefu 56, kifua 46, bega 18, mkono 23½. Kifua cha mwili hadi 40.
Saizi 58: urefu 58, kifua 48, bega 18½, mkono 24½. Kifua cha mwili hadi 42.
Saizi 60: urefu 60, kifua 50, bega 19, mkono 25. Kifua cha mwili hadi 44.
Urefu umepimwa kutoka mzizi wa shingo hadi pindo. Ikifuliwa mara ya kwanza itapungua karibu inchi 1½ hadi 2.
Aliyevaa pichani ana urefu wa futi 5 na inchi 10, amevaa 58, haijafuliwa."

Ona kwamba nimeandika mistari badala ya kuchora jedwali. Jedwali zuri la picha linapotumwa kutoka simu hadi simu linafifia, na mteja mwenye kioo kidogo hasomi namba. Maandishi hayafifii, na mtu anaweza kuyanakili akamtumia mumewe. Weka picha ukitaka, iwe ya kuonyesha mahali tepu inapoanzia, lakini namba ziwe maandishi kwenye maelezo ya bidhaa.

Mstari wa aliyevaa pichani usiuache. Watu wengi hawasomi namba hata kidogo, wanaangalia kijana pichani na kujilinganisha naye. Kama hawajui urefu wake, watakisia, na watakisia vibaya.

Mimi nimwulize mteja nini?

Maswali matatu yanatosha. Ukimtajia kumi na mbili atakwenda dukani kwa mwingine.

La kwanza na la maana kuliko yote: urefu wa kanzu aliyonayo na inayomkaa vizuri, iliyolazwa, kutoka mzizi wa shingo. La pili, kifua chake cha mwili, tepu ikizunguka chini ya makwapa juu ya shati jepesi. La tatu, anataka pindo lifike wapi. Hili la tatu linasahauliwa sana. Kuna anayetaka kanzu iguse kiatu, na kuna anayetaka ikae juu ya kifundo cha mguu kwa sababu za dini. Watu wawili wa kimo kimoja, mmoja atachukua 58 na mwingine 56, na kila mmoja atamwona mwenzake amekosea.

Meseji inaweza kuwa fupi hivi: "Waalaykum salaam bwana. Tafadhali laza kanzu yako inayokukaa vizuri, pima toka kola inapoanzia begani hadi chini, unitumie namba na picha ya tepu. Pia kifua chako kuzunguka, na kama unapenda ifike kifundoni au juu yake." Omba picha ya tepu kwa adabu, wala usiombe kana kwamba humwamini. Kwenye picha utaona mara moja kama alianzia ncha ya bega au kama anasoma sentimita.

Hana kanzu nyingine, au hana tepu.

Asiye na tepu atafute uzi usionyumbuka na rula ya mwanafunzi. Auweke uzi kwenye nguo, aukate, kisha aupime kwa rula kipande kwa kipande. Rula ina sentimita 30. Wewe ndiye utakayegeuza kwa kugawanya kwa 2.54. Shibiri na dhiraa usizikubali, kwani mkono wa mtu mrefu na wa mtu mfupi havilingani.

Asiye na kanzu nyingine akupe kimo chake. Kwa mwanamume, toa inchi 12 kwenye kimo chake na utapata kanzu inayofika karibu na kifundo. Mwenye futi 5 na inchi 8 ni inchi 68, hivyo 56. Mwenye futi 6 ni inchi 72, hivyo 60. Ni makisio tu. Mwenye shingo ndefu au miguu mirefu ataikosea kwa inchi moja, kwa hiyo uitumie pale ambapo huna lingine, na umwambie mteja kuwa ni makisio. Usisahau kuongeza ya kunywea kama ni pamba. Halafu watu huongeza vimo vyao, sijui kwa nini. Ukiambiwa "karibu futi 6", uliza tena.

Mteja ananiambia "mimi ni XL" tu.

XL ya fulana haimwambii mtu lolote kuhusu urefu wa kanzu. Mjibu kwa kumwuliza urefu na kifua, na usitafsiri herufi hizo kuwa namba kwenye tangazo. Wapo wauzaji wanaoandika M ni 54, L ni 56, XL ni 58. Wanamtumia mtu mfupi mnene kanzu ya kuburura, maana XL yake ni ya upana.

Watu wafupi wanene na warefu wembamba niwafanyeje?

Hawa ndio wanaorudisha zaidi, na hawana kosa. Jedwali la kawaida linadhani kila anayerefuka anapanuka. Kama una fundi wako mwenyewe, tenga upana na urefu: saizi moja ya urefu iwe na mapana mawili, 56/46 na 56/50, namba ya kwanza urefu na ya pili kifua. Kuongeza upana si kazi kubwa kwa kanzu, taharizi zinakatwa pana zaidi na kikwapa kinafuata, badani haiguswi. Usishone nyingi. Anza na zile saizi mbili zinazouzwa sana kwako.

Mwenye tumbo kubwa ana jambo lake. Kanzu ikimkaa kifuani, tumbo linaivuta juu kwa mbele inchi moja au mbili, huku nyuma iko sawa. Akilalamika kanzu ni fupi mbele tu, usimtumie ndefu zaidi, kwa sababu nyuma itaburura. Mtumie pana zaidi. Kwenye tangazo weka mstari mmoja: "Kama mzunguko wa tumbo unazidi kifua, tupe kipimo cha tumbo badala ya kifua." Hakuna haja ya maneno mengine, watu wana heshima zao.

Kuna duka lina jedwali zuri. Nilinakili?

Nakili mpangilio wake kama umeupenda, si namba. Jedwali lile linaeleza kanzu zilizoshonwa kiwandani kwa mkato mwingine. Namba zisizo za nguo zako ni mbaya kuliko kutokuwa na namba, maana mteja angalau angeuliza.

Abaya na dera nazo ni hivyo hivyo?

Abaya ndiyo, kwa mabadiliko machache. Namba bado ni urefu kwa inchi, lakini abaya huvaliwa ikikaribia sakafu, kwa hiyo ukikisia kwa kimo toa inchi 9 badala ya 12. Bi mwenye futi 5 na inchi 5 atachukua 56. Muulize kama atavaa viatu virefu. Pima kifua na pia nyonga, kwa sababu abaya iliyonyooka inaweza kupita kifuani ikakwama chini. Kitambaa chepesi chenye kuteleza hurefuka kikitundikwa siku nyingi, basi ipime ikiwa imelazwa na isiwe ile iliyokaa kwenye hanga dirishani mwezi mzima.

Dera ni pana kwa asili, na hapo ndipo wauzaji wanapojisahau. "Saizi moja, inafaa wote" ndiyo sentensi inayorudisha madera. Hakuna inayofaa wote kwa urefu. Andika urefu na upana wa kwapa hadi kwapa, mteja mwenyewe ataamua kama atalifunga au atalikata pindo.

Kwa watoto, acha miaka. Andika urefu wa nguo na kimo cha mtoto. Watoto wawili wa miaka minane wa nyumba moja hawavai kanzu moja.

Si afadhali niandike tu "mali ikiuzwa hairudi"?

Unaweza kuandika, lakini haitakusaidia pale ambapo wewe ndiye hukueleza. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mlaji haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidi bidhaa aliyonunua. Muuzaji aliyeandika "56 ipo" bila kusema 56 ya nini hana pa kusimama, na mteja aliyekasirika ana simu yenye makundi mengi.

Kinachofaa ni kugawa lawama kabla ya safari. Andika kwamba kanzu ikipishana na vipimo vilivyotajwa kwa zaidi ya nusu inchi, usafiri wa kwenda na kurudi ni wako wewe muuzaji. Ikiwa ni sawa na vipimo lakini mteja amebadili nia, abadilishiwe kwa usafiri wake, na nguo iwe haijafuliwa wala kutiwa manukato. Kisha piga picha kanzu yake ikiwa na tepu juu yake kabla ya kuifunga, umtumie. Picha hiyo humfanya mteja aseme "ngoja kwanza" kabla ya boti kuondoka, na kuzuia hapo ni bure.

Nitajuaje kama jedwali langu limesaidia?

Weka daftari. Kila nguo inayorudi iandikiwe mstari mmoja: saizi, kitambaa, jora gani, fundi gani, na sehemu iliyomshinda mteja, yaani urefu, kifua, bega au mkono. Usiandike "haikumkaa", haitakufundisha kitu.

Halafu soma namna zinavyojikusanya. Zikirudi za saizi moja tu, pima upya saizi hiyo, huenda fundi ana karatasi ya mkato iliyokosewa. Za saizi zote zikirudi kwa ufupi, na zote ni za jora moja, ni kunywea. Zikirudi kwa ufupi na vitambaa ni mbalimbali, wateja hawajaelewa pa kuanzia tepu, kwa hiyo badilisha picha na sentensi ya urefu, namba ziache. Za bega peke yake zikirudi, jambo linaloudhi sana, mara nyingi si saizi: ni mkato mpya ambao hukuutaja kwenye tangazo. Na zikirudi zile ulizokisia kwa kimo, ujue umeitegemea hesabu ya inchi 12 kupita kiasi.

Na kofia?

Zungusha tepu kichwani, juu kidogo ya masikio na katikati ya paji la uso, pale kofia inapokaa. Inchi 22 na nusu ni sentimita 57. Kofia ya mkono iliyotiwa wanga haifunguki, kwa hiyo robo inchi tu inatosha kuifanya ibane. Mteja akiwa kati ya saizi mbili, mpe kubwa.